Maduka mawili ya unga, Ngamiani: jedwali la malipo lilivyosomwa mara mbili

Usuli

Maduka mawili ya jumla yanatazamana kwenye mojawapo ya barabara za namba huko Ngamiani, Tanga. Yote mawili yanauza unga wa ngano wa mfuko wa kilo 25, na wateja wao ni walewale: wapika maandazi, wauza chapati, mama lishe na maduka madogo ya mitaani. Hapa tutayaita Duka la Kona na Duka la Mnazi. Majina si yao. Bei na idadi ya mifuko vimebadilishwa kidogo ili wenyewe wasitambulike, ila uwiano wa nambari umebaki kama ulivyokuwa.

Kwa miaka kadhaa wote waliuza kwa taslimu, kila mmoja akitoa mifuko kama 500 kwa mwezi. Mfuko ulinunuliwa kwa shilingi 43,000 na kuuzwa kwa 45,000, kwa hiyo faida ilikuwa 2,000 kwa mfuko. Hakuna aliyethubutu kushusha bei kwa kuwa faida yenyewe ilikuwa ndogo mno. Ushindani ukahamia kwenye jambo jingine, nalo ni mali kauli: mteja achukue unga leo, alipe akishauza maandazi.

Mwenye Duka la Kona ni mama mmoja aliyekuwa anahudhuria mafunzo ya jioni ya wafanyabiashara wadogo. Kipindi kimoja kilihusu nadharia ya michezo, yaani hesabu ya maamuzi ambamo anachopata mmoja hutegemea pia uamuzi wa mwenzake, na slaidi zake zilikuwa na jedwali la malipo, linaloonyesha kila mmoja anapata ngapi kwa kila uamuzi, la wauzaji wawili wasio na majina. Mwalimu akapendekeza nambari za slaidi ziondolewe na kuwekwa za Kona na Mnazi.

Mambo yalivyokwenda kabla ya darasa

Kona ndiye aliyeanza kukopesha, mwishoni mwa Shaabani, watu wakijiandaa kwa mfungo. Kwa wiki mbili alikuwa peke yake. Katika wiki hizo mbili aliuza mifuko 400, kasi ya 800 kwa mwezi, na Mnazi akashuka hadi kasi ya 300. Wiki ya tatu Mnazi naye akafungua daftari la madeni. Wateja wakarudi kugawanyika, kila duka likitoa wastani wa mifuko 550, kwa kuwa baadhi ya wapikaji waliokuwa wanakwama kwa kukosa taslimu sasa walipata unga.

Baada ya miezi mitatu ya wote kukopesha, Kona aliona jambo lisiloeleweka. Mauzo yamepanda, daftari limejaa, lakini lori la mzigo likija hela ya kulipia haitoshi. Akabaki na swali moja: aendelee kukopesha au aache?

Usomaji wa kwanza

Jedwali lilijazwa kwa faida ya mauzo, yaani idadi ya mifuko mara 2,000. Nambari ni maelfu ya shilingi kwa mwezi. Katika kila kisanduku nambari ya kwanza ni ya Kona, ya pili ni ya Mnazi.

| | Mnazi: taslimu | Mnazi: mkopo |
|---|---|---|
| Kona: taslimu | 1,000, 1,000 | 600, 1,600 |
| Kona: mkopo | 1,600, 600 | 1,100, 1,100 |

Slaidi ilikuwa na kichwa kilichosema "Tafuta tokeo bora", na kichwa hicho kilipoteza dakika ishirini. Nusu ya darasa walijumlisha nambari mbili za kila kisanduku na kutafuta jumla kubwa. Hawakukosea hesabu, walijibu swali jingine. Jedwali hili halisomwi ili kujua kisanduku kipi kina utajiri mwingi. Linasomwa ili kujua ni kisanduku kipi ambacho, wauzaji wakishafika hapo, hakuna hata mmoja atakayepata zaidi kwa kuhama peke yake huku mwenzake amekaa palepale. Hilo ndilo tokeo tulivu, na ndilo mwanahisabati John Nash alilolieleza mwaka 1950.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, nalo huwajia hasa watu wenye mshindani wa kweli. Mama wa Kona alinyoosha kidole kwenye kisanduku cha 1,600 na 600.

"Mwalimu, hapa si namzidi?"

"Unamzidi, mama. Lakini tokeo tulivu halitafutwi kwa kulinganisha yako na yake. Mwulize yeye: akiwa na 600 hapo, akihamia mkopo anapata ngapi?"

"Elfu moja na mia moja."

"Basi hatakaa."

Ndani ya kisanduku kimoja hakuna cha kulinganisha. Nambari za Kona hulinganishwa na nambari za Kona, kwa kushuka au kupanda ndani ya safu moja, kwa sababu safu ndiyo uamuzi wa Mnazi na Kona hana uwezo nao. Nambari za Mnazi hulinganishwa na za Mnazi, kwa kwenda kushoto au kulia katika mstari mmoja. Mtu akisahau mwelekeo huu, kila anachosoma baadaye kitakuwa ovyo hata kama nambari zote ni sahihi.

Mwalimu aligawa jedwali likiwa limechapwa kwenye karatasi, maana kwenye projekta huwezi kuchora mstari. Hatua zilikuwa hizi. Funika safu ya pili kwa kipande cha karatasi, ibaki safu ya "Mnazi: taslimu" peke yake. Tazama nambari za kwanza tu: 1,000 na 1,600. Piga mstari chini ya 1,600. Sasa funika safu ya kwanza na ufungue ya pili: 600 na 1,100. Piga mstari chini ya 1,100. Kona amekwisha. Kwa Mnazi, funika mstari wa chini, tazama nambari za pili za mstari wa juu, 1,000 na 1,600, upige mstari chini ya 1,600. Kisha mstari wa chini, 600 na 1,100, upige chini ya 1,100. Kisanduku chenye mistari miwili, mmoja chini ya kila nambari, ndicho tulivu.

Hapa kimepatikana kimoja: wote wakopeshe, 1,100 kwa 1,100. Tena mkopo ulikuwa bora kwa kila muuzaji, mwenzake afanye afanyavyo. Kwa jedwali hili Kona hana sababu ya kuacha. Wote wawili wanapata zaidi kuliko zamani. Darasa likaridhika, isipokuwa mwenye duka, ambaye alijua kwamba droo yake haina hiyo laki moja ya ziada.

Uamuzi wa kujaza upya

Uamuzi wa maana katika kisa hiki ulifanyika hapa. Mwalimu angeweza kusema jedwali limesomwa sawasawa, tuendelee na slaidi ifuatayo. Badala yake alimuuliza mama nambari zile zinahesabu nini. Zilihesabu faida ya kila mfuko *uliotoka*. Hazikujali kama umelipwa.

Kwa muuzaji wa taslimu tofauti hiyo haipo. Kwa muuzaji wa mkopo ndiyo kila kitu, kwa sababu mfuko usiolipwa hauondoi faida ya 2,000 tu. Unaondoka na 43,000 za mtaji pia. Ili kufidia mfuko mmoja uliopotea, inabidi uuze mifuko 22 inayolipwa na hata hapo unabaki umezidi kwa elfu moja tu. Hesabu hii haionekani dukani siku hadi siku. Deni lililokufa na deni litakalolipwa kesho yameandikwa kwa wino uleule katika daftari lilelile.

Walikubaliana kanuni rahisi: deni lililopita siku 60 bila malipo yoyote linahesabiwa kuwa limepotea. Daftari la Kona likapitiwa jioni hiyohiyo, ukurasa kwa ukurasa. Katika wiki mbili za kukopesha peke yake, mifuko 8 ilikuwa haijalipwa, sawa na 16 kwa mwezi. Katika mwezi wa kwanza wa wote kukopesha, mifuko 10. Miezi iliyofuata haikuhesabiwa kwa kuwa siku 60 zilikuwa bado.

Anayekopesha peke yake hupokea pia wale ambao jirani amewakatalia, na baadhi yao wamekataliwa kwa sababu nzuri. Kila mfuko uliopotea ukakatwa kwa bei kamili ya 45,000, maana faida yake ilikuwa imeshajumlishwa kwenye nambari za mwanzo:

- Kukopesha peke yako: 1,600,000 kutoa (16 × 45,000) = 880,000
- Wote kukopesha: 1,100,000 kutoa (10 × 45,000) = 650,000

Vitabu vya Mnazi Kona hakuwahi kuviona. Alidhani vinafanana na vyake, kwa kuwa maduka ni ya ukubwa mmoja na wateja ni walewale.

| | Mnazi: taslimu | Mnazi: mkopo |
|---|---|---|
| Kona: taslimu | 1,000, 1,000 | 600, 880 |
| Kona: mkopo | 880, 600 | 650, 650 |

Palizuka ubishi kidogo. Mwanafunzi mmoja alitaka madeni yaliyokwisha kupotea, mifuko 18 kwa jumla, yakatwe kwenye mstari wa taslimu pia, "maana hasara ni hasara." Pendekezo hilo lilikataliwa, na kwa haki. Mifuko hiyo 18 imepotea Kona akikopesha na imepotea akiacha. Kitu kinachobaki kilekile katika kila mstari hakiwezi kusaidia kuchagua mstari.

Usomaji wa pili

Karatasi na kalamu tena. Safu ya "Mnazi: taslimu": Kona ana 1,000 na 880, mstari chini ya 1,000. Safu ya "Mnazi: mkopo": 600 na 650, mstari chini ya 650. Kwa Mnazi, mstari wa juu ni 1,000 na 880, kalamu kwenye 1,000. Mstari wa chini ni 600 na 650, kalamu kwenye 650.

Safari hii vimepatikana visanduku viwili tulivu: wote taslimu, na wote mkopo. Darasa lilifikiri wamekosea, kwani slaidi za mwanzo zilikuwa zimewazoesha jibu moja. Hawakukosea. Jedwali linaweza kuwa na tokeo tulivu zaidi ya moja, na likiwa hivyo, jedwali lenyewe halisemi wauzaji watatua wapi. Historia ndiyo inayowaweka. Kona na Mnazi walikuwa wametua kwenye 650, na kila mmoja peke yake alikuwa na sababu ya kubaki: akirudi taslimu huku mwenzake anakopesha, anashuka hadi 600.

Swali la Kona kwa hiyo likabadilika. Mwanzo aliuliza kama mkopo una faida. Sasa swali likawa ni gharama gani kutoka kwenye kisanduku kimoja kwenda kingine, na nani atangulie.

Uamuzi wa kuhama, na sababu zake

Njia iliyomjia kila mtu kwanza ni kuvuka barabara, kunywa chai na jirani na kukubaliana. Mwalimu aliizuia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana kupanga bei, na masharti ya mkopo yako jirani mno na bei kwa mtu kujaribu bahati. Isitoshe, haikuhitajika. Faida ya jedwali la aina hii ni kwamba mmoja akitangulia na mwenzake akaliona, mwenzake ana sababu yake mwenyewe ya kufuata.

Hesabu ilikwenda hivi. Kona akirudi taslimu peke yake anapoteza 50,000 kwa mwezi, tofauti ya 650 na 600. Mnazi, akimwona Kona yuko taslimu kweli, anasoma mstari wa juu: akiendelea kukopesha anapata 880, akifuata anapata 1,000. Akifuata, Kona anaongeza 350,000 kwa mwezi juu ya 650 ya sasa. Mwezi mmoja mzuri unalipia miezi saba ya kungoja. Na hata kama Kona hana hakika, alihitaji kuamini tu kwamba Mnazi atakuwa taslimu kwa uwezekano wa zaidi ya 5 kati ya 17, yaani karibu tatu kati ya kumi. Juu ya hapo taslimu inamlipa zaidi kuliko mkopo.

Neno zito hapo ni "kweli". Kama Kona angesema taslimu mbele ya watu na kukopesha kwa mlango wa nyuma, Mnazi angeendelea kusoma mstari wa chini. Kwa hiyo tangazo lilibandikwa mahali ambapo linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara, lile lile linaloonekana katika maduka mengi, "Leo taslimu, kesho mkopo", na daftari la madeni likaondolewa kaunta. Wateja wa zamani wenye madeni walipewa muda wa kulipa kidogokidogo, lakini mzigo mpya ni kwa hela mkononi, bila kubagua hata ndugu.

Matokeo

Mwezi wa kwanza Kona aliuza mifuko 310, faida 620,000, karibu sana na ile 600 ya jedwali. Ilikuwa vigumu kustahimili, hasa asubuhi guta zilipopakia upande wa pili tu.

Mwezi wa pili Mnazi alianza kuweka mpaka: mfuko mmoja kwa mteja, na hupati wa pili mpaka ulipe wa kwanza. Mwezi wa tatu wageni wote walilipa taslimu hapo, na mali kauli ikabaki kwa wateja wachache wa siku nyingi. Kona alifunga mwezi huo na mifuko 480, faida 960,000 yote ikiwa hela iliyo mkononi. Katika mifuko 18 ya deni la zamani, mitano ililipwa.

Hakufika 1,000, na hiyo ina maelezo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kufuata mwelekeo wa kusoma bila kuruka. Watu wengi hutazama jedwali la visanduku vinne na kudhani jicho linatosha. Kwa jedwali la kwanza lingetosha. Kwa la pili, lenye majibu mawili, jicho hutua kwenye 1,000 kwa 1,000 na kuacha, na msomaji haoni kabisa kwamba 650 kwa 650 nayo ni tulivu. Mtu asiyeiona hawezi kueleza kwa nini wauzaji wawili wenye akili timamu wamekaa miezi mitatu mahali pabaya. Ataishia kusema wana wivu.

Kilichokaribia kuharibu kazi ni ujazaji. Makosa ya kusoma hujitokeza haraka, mtu mwingine akisoma mnapingana. Makosa ya kujaza hayapingwi na yeyote, kwa kuwa wote wanasoma nambari zilezile. Dalili pekee ilikuwa nje ya slaidi: jedwali lilisema 1,100 na droo ilisema hapana.

Udhaifu mkubwa wa usomaji wa pili uko kwenye ile 16. Ilitokana na wiki mbili tu, tena za mwisho wa Shaabani, wakati ambao ununuzi haufanani na miezi mingine. Na nambari hiyo ndiyo iliyobeba jibu zima. Kama anayekopesha peke yake angepoteza mifuko 13 badala ya 16, angebaki na 1,015, zaidi ya 1,000. Kisanduku cha wote taslimu kingeacha kuwa tulivu, na Kona akitangulia Mnazi asingefuata kamwe. Mpaka uko kati ya 13 na 14. Upande mwingine nao una mpaka wake: kama wote wakikopesha kila mmoja angepoteza mifuko 12 badala ya 10, angebaki na 560, chini ya 600, na taslimu ingekuwa bora daima. Mipaka hii miwili ilipaswa kuandikwa pembeni ya jedwali kabla ya uamuzi. Darasani haikuandikwa; ilipigiwa hesabu baadaye. Kona alipatia, ila alipatia kwa tofauti ya mifuko miwili.

Tena, 16 na 10 ni nambari za Kona zilizowekwa mdomoni mwa Mnazi. Hapa bahati ilisaidia kwa sababu utulivu hautegemei ukubwa wa nambari, unategemea mpangilio wake: ipi ni kubwa kati ya mbili za safu moja au za mstari mmoja. Mnazi angeweza kuwa na 940 badala ya 880 na jibu lisibadilike.

Mwisho, ile 960. Jedwali lilimpa kila muuzaji njia mbili, na Mnazi akachagua ya tatu: mfuko mmoja, ulipe ndipo uchukue mwingine. Mpaka huo unawachuja wasiolipa kabla deni halijakua, hivyo upotevu wake hauwezi kukadiriwa kutoka kwenye 16 wala 10. Jedwali sahihi la leo lina mistari mitatu na safu tatu, visanduku tisa, na kwa vitano kati ya hivyo Kona hana hata ukurasa mmoja wa daftari wa kujazia, kwa kuwa yeye mwenyewe hajawahi kukopesha kwa mpaka.